Tawi letu Masasi lina makeshia 4 na foleni inafika nje. Msimu wa korosho tunahitaji wangapi kihesabu?

Dada_Dirisha (Masasi)

Habari zenu wakuu.

Nipo kwenye tawi la benki moja hapa Masasi, jina naomba libaki pembeni. Mimi ni msimamizi wa huduma, kwa hiyo foleni ya ukumbini ni mzigo wangu. Msimu ukishaanza, mnada ukapita na fedha za AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, zikaingia kwenye akaunti za wakulima, kesho yake tunakuta watu wameshapanga mstari hadi barabarani kabla hata mlinzi hajafungua geti. Wengine wametoka vijijini na gari la alfajiri, wamekaa juani na watoto.

Niliomba niongezewe makeshia wawili. Nikajibiwa kwamba ripoti ya mfumo inaonyesha muamala mmoja unachukua dakika 2 na sekunde 10, na wastani wa wateja kwa saa hauzidi uwezo wa makeshia wanne. Kwa hiyo sina hoja.

Sikuridhika. Jumatatu moja baada ya malipo nikamweka kijana wa mafunzo mlangoni na daftari, anapiga mstari kwa kila anayeingia kwa ajili ya dirishani tu, siyo mikopo wala kufungua akaunti. Tunafungua saa 2:30 asubuhi, tunafunga saa 9:30 alasiri. Alichopata ni hiki:

Waliokuwa wanasubiri nje wakati wa kufungua: 40
2:30 hadi 3:30: 70
3:30 hadi 4:30: 80
4:30 hadi 5:30: 66
5:30 hadi 6:30: 48
6:30 hadi 7:30: 36
7:30 hadi 8:30: 30
8:30 hadi 9:30: 10

Jumla 380. Madirisha yapo sita ila mawili yamefungwa, moja limegeuzwa stoo ya maboksi ya fomu. Naomba mnisaidie namna ya kuiweka hoja kwa hesabu, maana maneno matupu wameshayakataa.

---

Kalamu_na_Excel (Mtwara Mjini)

Dada, pole na kazi. Hii ni hesabu ya foleni ya kawaida kabisa. Unahitaji vitu viwili: kasi ya wateja kuingia na kasi ya keshia kuhudumia.

Wateja 380 gawa kwa saa 7 ni kama 54 kwa saa. Tuachane na hizo dakika 2, tuchukue dakika 4 kwa mteja ili tuwe upande salama, maana yake keshia mmoja anamaliza 15 kwa saa na wanne wanamaliza 60. 54 kwa 60 ni asilimia 90, wanabanwa kidogo lakini wanaweza. Nimeingiza kwenye kanuni ya Erlang, wastani wa kusubiri unatoka dakika 8 hivi. Ukiweka makeshia watano unashuka hadi dakika 1 na kidogo.

Kwa hiyo mmoja wa kuongeza anatosha na kubaki. Wa sita atakuwa anakaa bure.

---

Mchuuzi_wa_Pweza (Lindi)

Hata huku Lindi ni hivyo hivyo. Mimi nashauri waongeze ATM. Juzi mashine imemeza kadi yangu jioni, nikaambiwa nirudi kesho, kesho nikapanga foleni ya dirishani kwa ajili ya kadi tu, mzigo wangu wa samaki ukiwa umekaa kwenye barafu. Dada naomba unisaidie, kadi ikimezwa inakaa siku ngapi?

---

Dada_Dirisha

@Mchuuzi_wa_Pweza pole kaka. Nenda na kitambulisho chako kwenye tawi lenye hiyo mashine, waombe wakuandikie kabisa siku ya kurudi. Ila hapa nazungumzia dirishani.

@Kalamu_na_Excel nashukuru, lakini dakika 8 hizo hazipo. Saa tano na nusu mtu akiingia ukumbini anakaa zaidi ya saa nzima. Hilo naliona kwa macho yangu.

---

Mzee_wa_Zamu (Dar, mzaliwa wa Newala)

Nimefanya kazi miaka mingi ya kupanga zamu kwenye kituo cha kupokea simu za wateja, na hesabu ndiyo hizi hizi. Ndugu Kalamu, kanuni umeitumia sawasawa, ila umeipeleka mahali ambapo si pake.

Erlang, yule Mdenishi aliyekuwa akihesabu simu za Copenhagen, kanuni yake inachukulia kwamba kasi ya kuingia haibadilikabadiliki na foleni imeshatulia. Hapa kasi inaanza 70, inapanda 80, inaishia 10. Tena saa tatu za mwanzo wanaingia wengi kuliko uwezo wa madirisha manne. Wakati huo hakuna foleni iliyotulia, wanaoingia wanazidi wanaotoka na mstari unarefuka tu. Wastani wa siku nzima umechukua utupu wa alasiri ukaufunika msongamano wa asubuhi. Keshia anayekaa bila mteja saa tisa hawezi kumhudumia mtu wa saa nne.

Kwa hali hiyo sihitaji hata Erlang. Nahesabu kama deni: waliokuwepo, jumlisha walioingia, toa waliohudumiwa. Makeshia wanne wanatoa watu 60 kwa saa.

Mnaanza na 40. Saa ya kwanza wanaingia 70, wanatoka 60, wanabaki 50. Saa ya pili wanaingia 80, wanabaki 70. Saa ya tatu wanaingia 66, wanabaki 76. Saa ya nne wanaingia 48 tu, wanabaki 64. Halafu 40, halafu 10, na saa ya mwisho foleni inaisha.

Mtu anayeingia saa 5:30 anakuta 76 mbele yake. Wakitoka 60 kwa saa, dirisha atalifikia saa 6:46. Hiyo ndiyo saa nzima na zaidi anayoisema dada, na imetoka kwenye daftari lake mwenyewe bila kuongeza kitu.

Angalieni jambo lingine hapo. Wateja wengi zaidi wanaingia kati ya 3:30 na 4:30, lakini foleni inakuwa ndefu kuliko zote saa 5:30, na saa 7:30 bado wamesimama watu 40 ingawa wanaoingia ni wachache. Bosi akishuka ukumbini saa saba na nusu akakuta watu 40, atasema tatizo ni mapumziko ya chakula. Siyo. Hao ni mabaki ya asubuhi. Ukimrudisha keshia mapema kutoka kula unapunguza kidogo tu. Dawa inatakiwa iwekwe saa 2:30.

Dada, fanya hivi kwenye Excel. Safu ya B walioingia, C idadi ya madirisha, D foleni mwisho wa saa. D1 andika 40, na D2 weka hii:

```
=MAX(0, D1+B2-C2*15)
```

Iburute hadi chini, kisha chezea safu ya C. Ukiweka 6 saa tatu za mwanzo, foleni inakuwa 20, kisha 10, kisha sifuri ifikapo 5:30. Baada ya hapo unashusha: 4 kwa saa moja, 3 kwa saa mbili, 2 saa ya mwisho.

Sasa jumlisha saa za keshia. Wanne kutwa nzima ni saa 28. Huu mpango wangu ni 18 na 4 na 6 na 2, jumla 30. Unaongeza saa mbili tu za kazi kwa siku. Kinachobadilika sana ni saa ambazo makeshia hao wanakaa dirishani.

---

Kalamu_na_Excel

Nimekuelewa mzee, lakini Erlang usiitupe yote. Kuanzia 5:30 kwenye mpango wako wanaingia 48 na madirisha manne yanaweza 60. Hapo hujazidiwa, na bado watu watasubiri kwa sababu hawaingii kwa mpangilio. Hesabu yako ya deni inasema foleni ni sifuri, jambo ambalo si kweli. Kanuni inanipa dakika 3. Saa inayofuata, watatu kwa wateja 36, inanipa dakika 4 na ushee.

---

Mzee_wa_Zamu

Hapo umesema kweli, na ndivyo zinavyotumika pamoja. Penye kuzidiwa hesabu deni, penye nafasi tumia Erlang. Ila hizo dakika 3 zichukue kama kiwango cha chini. Kanuni inadhani kila mteja anakuja kivyake. Masasi siku ya malipo Noah moja inashusha watu wa kijiji kimoja kwa pamoja, wote wanaingia mlango mmoja dakika moja. Kundi likija hivyo, wa mwisho wake anasubiri zaidi ya kanuni inavyosema hata kama wastani wa saa ni ule ule.

---

Dada_Dirisha

Mzee wangu nimeiweka na inatoka kama ulivyosema. Lakini kuna sehemu watanibana. Hizo dakika 4 Kalamu amezichukua tu. Wao wana ripoti ya mfumo ya dakika 2 na sekunde 10. Kwa dakika hizo keshia mmoja anamaliza karibu watu 28 kwa saa, na wanne wanamaliza wote hao bila foleni kubwa. Halafu ripoti hiyo hiyo inaonyesha asubuhi nzima tawi linahudumia watu 58, 61, 60 kwa saa, imenyooka. Wanasema wateja wangu wanakuja sawasawa kutwa, huo msongamano uko wapi?

---

Mzee_wa_Zamu

Asante kwa kuleta hiyo ripoti, maana imekupa ushahidi unaoutaka.

Mfumo unaandika muamala unapokamilika. Kwa hiyo unawahesabu wanaotoka. Aliyesimama nje haujamwona bado. Madirisha manne yakiwa yamejaa muda wote, yatatoa idadi ile ile hata mlangoni wakiwepo 20 au 200. Huo mstari ulionyooka wa 58, 61, 60 ni dari ya uwezo wenu. Ukiona ripoti imenyooka hivyo asubuhi nzima na baadaye inashuka, jua kulikuwa na foleni. Kujua wangapi wanaingia ni lazima uhesabu mlangoni, au uwe na mashine ya tiketi za namba ambayo inaandika saa ya kuchukua tiketi.

Na dari hiyo ndiyo inayokupa muda halisi wa huduma. Madirisha manne, watu 60 kwa saa, hakuna aliyekaa bila mteja. Kila dirisha limetoa 15. Saa moja gawa kwa 15 ni dakika 4. Imetoka kwenye ripoti yao wenyewe.

Zile dakika 2 na sekunde 10 nadhani zinaanzia keshia anapofungua ukurasa wa muamala hadi anapoidhinisha. Muulize keshia yeyote, yeye anajua zinazobaki zinaenda wapi.

---

Keshia_Mstaafu (Nachingwea)

Nijibu hilo maana nimekaa dirishani karibu maisha yangu yote ya kazi.

Unamwita mteja, anatoka kwenye benchi, ni mzee, anatembea taratibu. Anafika, anatafuta kitambulisho kwenye mfuko wa ndani wa koti. Fomu ya kutolea fedha haijajazwa, au imejazwa na mjukuu na namba moja imekosewa. Alama ya kidole haisomi, kwa sababu mikono ya mtu aliyebangua korosho ina mafuta ya maganda, yanaunguza ngozi, mistari ya kidole imefutika. Unampa kitambaa afute, unajaribu kidole kingine, kingine tena. Ndipo unafungua muamala. Ukishaidhinisha, mfumo umeshafunga hesabu yake ya muda, lakini wewe ndiyo kwanza unahesabu noti kwa mashine, unazirudia kwa mkono mbele yake, naye anazihesabu upya pale pale dirishani. Ana haki hiyo, na huwezi kumsukuma. Kisha unaandika kwenye daftari, unamwita mwingine.

Hata dakika 4 siku hizo ni keshia mzuri.

Sasa mzee Zamu, nina swali kwako. Hao makeshia sita wa asubuhi watatoka wapi? Kwenye karatasi ni saa mbili tu za ziada, lakini keshia si kiti cha kuhamisha. Lazima awe na kikomo chake cha fedha kilichoidhinishwa, droo yake, na asubuhi akabidhiwe fedha na keshia mkuu, ahesabu, asaini. Jioni afunge vitabu, na fedha zikipungua ni za kwake. Humchukui mtu wa mikopo ukamwambia njoo ukae saa tatu.

---

Dada_Dirisha

Baba hapo umegusa penyewe. Makeshia ninao wanne na keshia mkuu mmoja. Kuna wawili wengine wa ofisi ya nyuma waliowahi kukaa dirishani, vikomo vyao bado viko hai. Lakini asubuhi mmoja anamsaidia keshia mkuu kujaza ATM, mwingine anashughulikia hundi na barua.

---

Keshia_Mstaafu

ATM ijazwe jioni baada ya kufunga, au saa nane ukumbi ukiwa mwepesi. Sisi tulikuwa tunajaza alasiri ya siku iliyotangulia wakati wa msimu. Inataka watu wawili muda wote, huo ni utaratibu wa usalama na hauvunjwi, kwa hiyo ukiifanya asubuhi unaondoa watu wawili saa mbaya kuliko zote. Hundi nazo zina saa zake za mwisho za kupeleka, angalia kwanza hizo kabla hujamgusa huyo wa pili.

Na hilo dirisha lenye maboksi, litoe maboksi leo. Ujue kama mashine ya kuhesabia noti bado inafanya kazi, maana keshia wa sita bila mashine hatoi watu 15 kwa saa.

---

Mwalimu_Ruangwa

Samahani, je, hesabu hii inafaa kwa siku za mishahara? Sisi walimu tukilipwa tunaenda wote jioni baada ya vipindi, asubuhi hakuna mtu. Na mkiweka makeshia wawili saa ya mwisho kama mzee alivyopanga, sisi tutakwama.

---

Mzee_wa_Zamu

Mwalimu, swali zuri. Mpango niliouandika ni wa siku ya malipo ya korosho kwenye tawi lile. Siku ya mishahara ina umbo lake, inahitaji daftari lake mlangoni. Ukichanganya siku zote kwenye wastani mmoja unarudi kule kule, siku moja inafunika nyingine.

Dada, kwa hiyo usiombe makeshia wawili wa kudumu. Omba utaratibu wa siku za malipo kwa miezi ya msimu, kuanzia Oktoba. Tena wewe una kitu ambacho sisi wa simu hatukuwahi kuwa nacho: orodha ya malipo ya AMCOS inapita benki kabla fedha hazijasoma kwenye akaunti. Ukiona leo inaingizwa orodha ya wakulima wengi, kesho asubuhi unaijua. Linganisha ukubwa wa kila orodha na idadi ya mlangoni kesho yake, baada ya malipo kadhaa utaona ni sehemu gani ya wakulima inakuja siku ya kwanza. Hapo unapanga zamu leo kwa ajili ya kesho.

Kwenye barua weka namba mbili tu za kulinganisha. Kwa madirisha manne siku ile, ukijumlisha muda wote ambao watu walisimama ukagawa kwa 380, kila mtu alisubiri wastani wa dakika 51. Kwa mpango wa sita asubuhi unakuja chini ya dakika 10, na kwa saa 30 za keshia badala ya 28. Kwa watano asubuhi yote ni kama dakika 20, hilo liwe chaguo lako la pili wakikunyima wa sita.

---

Kalamu_na_Excel

Mimi bado nina wasiwasi na kitu kimoja. Daftari limehesabu walioingia. Walioiona foleni wakageuka, au wakaenda kwa wakala kutoa kidogo kidogo kwa makato, hawamo. Foleni ikifupika hao watarudi dirishani, na 80 yako itakuwa 95. Makeshia sita wanatoa 90. Utarudi kuzidiwa.

---

Mzee_wa_Zamu

Inawezekana kabisa, na sina njia ya kuijua idadi hiyo kutoka hapa. Iweke 95 kwenye ile safu uone: foleni ya saa 4:30 inakuwa 25 badala ya 10, na saa 5:30 inabaki moja. Inavumilika kwa saa moja, haivumiliki kama saa zote tatu zitapanda. Lazima kuhesabu tena mlangoni baada ya kubadilisha zamu.

---

Duka_la_Jumla (Masasi)

Naomba na sisi wafanyabiashara tusikilizwe. Mimi naleta mauzo ya wiki, noti za elfu moja na elfu mbili zimejaa mfuko. Nikifika dirishani nakaa dakika 15 na watu nyuma yangu wananung'unika. Tupeni dirisha letu.

---

Kalamu_na_Excel

Hili naliunga mkono. Mteja mmoja wa dakika 15 katikati ya wa dakika 3 anaharibu foleni yote.

---

Keshia_Mstaafu

Mimi silikubali kwa tawi dogo. Tuliwahi kutenga dirisha la wafanyabiashara, saa tatu wakulima wamejaa na keshia wa wafanyabiashara ana mteja mmoja kwa nusu saa. Wakulima wanamwangalia wanaona wanadharauliwa. Mstari mmoja kwa madirisha yote, anayefunguka anachukua wa mbele, ndiyo haki. Wafanyabiashara waambiwe waje alasiri.

---

Duka_la_Jumla

Alasiri dukani ndiyo kuna wateja wangu, baba. Na nikae na fedha hizo dukani hadi saa nane?

---

Dada_Dirisha

Hili la wafanyabiashara sijui nilipeleke wapi, kila upande una hoja. Nitamwambia kijana atenganishe daftari mara mbili, wanaotoa na wanaoweka, na aandike dakika za wale wenye mifuko. Maboksi tumeshayatoa. Mashine ya dirisha la sita inasoma noti za elfu kumi vizuri ila za elfu tano inazitema, fundi yuko Mtwara Mjini, amesema Alhamisi.